Tovuti ni yako, lakini akaunti iko kwa jina la nani?

Jumatatu moja asubuhi, meneja wa kampuni ya usafirishaji kule Mombasa alimpigia simu mama mmoja wa Malaba anayeuza spea za malori. Alikuwa amekasirika. Tangu Ijumaa alikuwa ametuma barua pepe tatu akiomba profoma ya klachi na brek lainingi za malori mawili yaliyokwama njiani, na zote tatu zilimrudia. "Mama, kwani mlifunga duka?"

Duka lilikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa kaunta, lori za kuvuka kuelekea Uganda zimepanga foleni nje kama kawaida. Akafungua tovuti yake kwenye simu. Badala ya picha za spea zake akaona ukurasa mweupe wenye matangazo ya vitu asivyovijua, na juu yake ujumbe kwamba jina hilo la tovuti limeisha muda. Kumbe limeisha siku kadhaa zilizopita, na yeye hana habari.

Nilikutana naye wiki chache baadaye kwenye mafunzo yetu ya wafanyabiashara. Jina lake na la duka ninayaacha, ila yaliyompata ameniruhusu niyaeleze, kwa sababu katika ukumbi ule nilipouliza ni nani anajua domeni yake imesajiliwa kwa barua pepe ya nani, mikono miwili tu ndiyo iliinuliwa. Na mkono mmoja ulishushwa tena.

Wacha nianze na kile alichokuwa nacho, au alichodhani anacho. Kijana mmoja mtaalamu wa kompyuta, mtu wa hapo hapo Malaba, alimtengenezea tovuti miaka michache nyuma. Walikubaliana bei moja ya kila kitu: kuijenga, kuiweka hewani, na barua pepe za biashara zenye jina la duka. Kila mwaka mama anamtumia pesa "ya tovuti" kwa simu, na kijana anajibu "asante mama, imeingia". Jina walilochagua linaishia na `.com`. Wangeweza kuchukua `.co.ke`, lakini nusu ya wateja wake wako upande wa pili wa daraja, na hakutaka mtu wa Tororo au Kampala aone "ke" adhani spea haziwezi kumfikia. Uamuzi mzuri kibiashara.

Shida ni kwamba alipokuwa akilipa "pesa ya tovuti", alikuwa analipia vitu vitatu tofauti bila kujua, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kwa jina lake.

Cha kwanza ni domeni, yaani lile jina lenyewe. Jina hununuliwi kama shamba. Unalikodi kwa mwaka mmoja au zaidi kutoka kwa kampuni inayoitwa msajili, na msajili anakuandika kwenye daftari la majina hayo duniani. Cha pili ni hostingi, yaani nafasi kwenye seva ambapo picha, bei na barua pepe zako zinakaa. Hostingi inaweza kuwa kwa kampuni tofauti kabisa na ya domeni. Cha tatu ndicho watu husahau: barua pepe na namba ya simu vilivyotumika kufungua akaunti hizo mbili. Anayeshika hiyo barua pepe ndiye anayeweza kubonyeza "nimesahau neno la siri", akapokea linki, akaingia. Kwa hivyo mwenye barua pepe ndiye mwenye akaunti, na mwenye akaunti ndiye mwenye jina. Hii risiti yako ya M-Pesa inayoonyesha ulimtumia fundi pesa haikufungulii mlango wowote hapo.

Kwa mama wa spea, vyote vitatu vilikuwa vya kijana. Alikuwa na akaunti moja kubwa kwa msajili, na ndani yake domeni za wateja 14. Hostingi nayo alinunua kwa jumla akawa anawakatia wateja vipande. Usimwone mwizi. Ni rahisi kwa fundi kufanya hivyo: paswadi moja, kadi moja ya benki, bili moja. Na wateja wengi hawataki kusumbuliwa na mambo ya paswadi. Halafu kijana akapata kazi Kampala, akabadilisha laini, kadi yake ya benki ikaisha muda, na malipo ya kujirudia ya kila mwaka yakagoma kimya kimya.

Je, msajili hakutoa onyo? Alitoa. Kwa majina ya `.com`, kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina haya duniani, zinamtaka msajili atume ukumbusho takriban mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, mwingine takriban wiki moja kabla, na mwingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Zote zilitumwa, ila zilienda kwenye barua pepe ya zamani ya kijana, ambayo alikuwa ameacha kuifungua.

Hapa naomba nitoke kando kidogo, kwa sababu mambo haya hayampati tu mwenye duka. Hata herufi zetu za `.ke` zilianza kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1993 zilipokabidhiwa Kenya, hazikuandikwa kwa taasisi. Msimamizi aliyeandikwa alikuwa Dkt. Shem Ochuodho, na upande wa ufundi alikuwa Mmarekani aitwaye Randy Bush. Enzi hizo ndivyo nchi nyingi zilivyoanza, na walifanya kazi ya kusifiwa. Lakini majina yalipoanza kuwa na thamani ya kibiashara, ikabidi yahamishwe yawe chini ya chombo, sio mtu. Ndipo ikaundwa KENIC, na idhini ya kuhamisha ikatolewa mwishoni mwa 2002. Miaka tisa hivi. Duka la spea linaweza kufanya hivyo kwa alasiri moja, mradi fundi bado anapokea simu.

Turudi Malaba. Mama alifanya jambo la busara: hakukimbilia kununua jina jipya. Mtoto wa dada yake aliingia kwenye `lookup.icann.org`, akaandika jina la tovuti, na kurasa ikatoa maelezo. Hii unaweza kuifanya wewe pia sasa hivi, ni bure. Kama jina lako linaishia na `.co.ke` au `.ke`, tafuta kwenye tovuti ya KENIC badala yake. Utaona mistari mingi, lakini minne hii, au inayofanana nayo, ndiyo ya kutazama:

```
Registrar:
Registry Expiry Date:
Domain Status:
Name Server:
```

`Registrar` ni msajili, kampuni ambayo jina lilinunuliwa kwake. Hiyo ndiyo ya kupigia simu. `Registry Expiry Date` ni siku ya kuisha. Iandike kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka. Ila tahadhari moja: jina la `.com` likishapita tarehe yake, daftari kuu hulisogeza mwaka mmoja mbele lenyewe wakati msajili anaamua kama atalipwa, kwa hivyo unaweza kuona tarehe ya mwaka ujao na bado tovuti imezimwa. `Domain Status` ni hali ya jina. Ukiona `clientTransferProhibited`, usishtuke. Hiyo ni kufuli ya kawaida inayozuia jina kuhamishwa kienyeji. `Name Server` inaonyesha ni seva za nani zinazoelekeza watu kwenye tovuti yako. Jina la mwenyewe, linaloandikwa `Registrant`, mara nyingi limefichwa siku hizi kwa sababu ya sheria za faragha. Kwa hivyo kutoliona haina maana kwamba ni lako, wala kwamba si lako.

Hali ya jina ndiyo inayokuambia una muda gani. Kwa `.com`, baada ya muda kuisha kuna kipindi ambacho bado unaweza kulipia kwa bei ya kawaida au karibu nayo. Kinaweza kufika siku 45, lakini msajili ana uhuru wa kukifupisha, na wengine huanza kulinadi jina kabla hakijaisha. Baada ya hapo jina linaingia `redemptionPeriod` kwa siku 30. Hapo bado unaweza kulirudisha, ila kwa ada ya kukomboa ambayo ni mara kadhaa ya bei ya mwaka. Kisha linakaa `pendingDelete` kwa siku 5, na ndani ya siku hizo hakuna mtu anayeweza kulifanya lolote, hata aliyekuwa nalo. Likitoka hapo, ni la yeyote anayewahi. Kuna watu kazi yao ni kuwahi.

Mama alikuwa bado kwenye kipindi cha kwanza. Akampigia msajili. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya heshima lakini ngumu: "Samahani mama, akaunti hii haina jina lako. Hatuwezi kukupa nafasi ya kuingia." Akaeleza kwamba yeye ndiye mwenye duka, kwamba ana cheti cha usajili wa biashara, na risiti za pesa alizotuma kila mwaka. Wakamwambia wanaweza kupokea malalamiko na kuyachunguza, lakini itachukua muda, na kwa sasa anayetambulika ni mwenye akaunti.

Nilipokuwa naandika haya nilijiuliza kama msajili alimkosea. Sidhani. Fikiria mtu mwingine akipiga simu akidai duka ni lake, naye ana cheti cha kughushi. Ungependa wampe jina lako kwa maneno matamu ya simu? Ugumu ule ule uliomzuia mama ndio utakaomlinda siku akaunti itakapokuwa yake.

Wasajili wengine hukubali mtu yeyote alipe bili ya jina, hata asiye na akaunti, na hilo linaweza kuokoa jina lisipotee. Uliza. Lakini jua kwamba kulipa bili hakuhamishi umiliki. Utakuwa umemlipia fundi mwaka mmoja zaidi.

Kilichomwokoa ni Malaba yenyewe, mahali ambapo kila mtu anamjua mtu. Binamu ya kijana ni mwanabodaboda pale stejini. Namba ya Uganda ikapatikana kabla ya chakula cha mchana. Kijana alipopokea alikuwa na aibu kuliko ubishi. "Pole sana mama. Niache nifike nyumbani jioni nifungue kompyuta." Usiku ule ule akalipia, na kesho yake tovuti ikarudi. Kisha wakafanya lile ambalo lingefaa kufanywa siku ya kwanza.

Hatua ya kwanza haikuhusu tovuti hata kidogo. Mama alifungua barua pepe mpya ya Gmail, ya kazi hiyo tu. Kwa nini asitumie ile nzuri yenye jina la duka? Kwa sababu ile inaishi juu ya domeni. Domeni ikizimika, barua pepe nayo inazimika, na linki ya kurudisha paswadi inatumwa mahali pasipopokea kitu. Ni kama kufungia ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba. Nimeliona kosa hili hata kwa watu wanaomiliki akaunti zao wenyewe, kwa hivyo liangalie hata kama fundi wako hana neno.

Na namba ya simu ya kuithibitisha akaunti? Hapa mpakani tunatembea na laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, na ile isiyotumika sana tunaiacha kwenye droo. Laini iliyokaa kimya muda mrefu inaweza kufungwa na namba kupewa mtu mwingine, na namba za siri za kuingilia zikaanza kwenda kwake. Weka ile laini unayopokelea malipo, kwa sababu hiyo huwezi kuisahau. Pia Google inakupa orodha ya namba 10 za akiba za kuingilia bila simu. Mama alizichapisha akaziweka pamoja na cheti cha biashara.

Hatua ya pili, akafungua akaunti yake kwa msajili yule yule. Jina aliloandika ni la biashara kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, na yeye mwenyewe kama mtu wa kuwasiliana naye. Kijana akalisukuma jina kutoka akaunti yake hadi ya mama. Kuhamisha ndani ya msajili mmoja kwa kawaida ni kazi ya dakika chache: aliyeko nalo anaandika barua pepe ya akaunti inayopokea, na anayepokea anakubali.

Angetaka kwenda kwa msajili mwingine, kazi ingekuwa ndefu kidogo. Jina lingefunguliwa kufuli, kisha aombe namba ya siri ya uhamisho, ambayo kwenye skrini huandikwa `Auth Code` au `EPP Code`, na ampe msajili mpya. Kwa `.com`, msajili wa zamani anatakiwa kuitoa ndani ya siku 5 baada ya mwenye akaunti kuiomba. Uhamisho unaweza kuchukua siku nyingine 5 na mara nyingi unaongeza mwaka mmoja kwenye muda wako, kwa hivyo ile pesa haipotei. Lakini kuna mtego: ukibadilisha kwanza jina la mwenyewe, wasajili wengi hukufungia uhamisho kwa siku 60. Pia jina likiwa jipya, halihami ndani ya siku 60 za kwanza. Ndiyo maana kusukuma ndani ya msajili mmoja ni rahisi zaidi. Hamia kwingine baadaye, kama bado unataka.

Kabla ya kubonyeza chochote, kijana alipiga picha ya ukurasa wa maelekezo ya domeni, ule unaoitwa `DNS`. Pale kuna mstari wa `A` unaoelekeza tovuti, `MX` unaoelekeza barua pepe, na mara nyingi `TXT` unaothibitisha kwamba barua zako si za kitapeli. Maelekezo haya yakikaa kwenye seva za msajili wa zamani, yanaweza kufutika jina likihama. Tovuti inaweza kurudi na barua pepe isirudi, na wewe usijue kwa wiki nzima. Njia ya kujua ni rahisi: baada ya kuhamisha, jitumie barua kutoka Gmail kwenda anwani ya duka, kisha jibu.

Hostingi ilikuwa ngumu zaidi. Kijana alikuwa amempa mama paswadi ya cPanel, ule ukurasa wa kusimamia tovuti na barua pepe, na mama alidhani hiyo ndiyo hostingi. Kumbe cPanel ni ufunguo wa chumba. Nyumba ilikuwa ya kijana. Kampuni ya hostingi ilimtambua kijana peke yake, na angeacha kulipa, chumba kingefungwa mama akiwa na ufunguo mkononi. Ukitaka kujua uko wapi, jiulize: bili ya hostingi inatoka kwa kampuni yenyewe ikija kwangu, au inatoka kwa fundi? Kama ni ya fundi, wewe ni mpangaji wa mpangaji.

Hakuna ubaya kubaki mpangaji wa mpangaji, kwa maoni yangu, kama bei ni nafuu na fundi anakuhudumia vizuri. Hostingi inaweza kubadilishwa. Domeni ikiwa yako, unaweza kuhamia seva nyingine wiki yoyote ile, mradi una nakala ya vitu vyako. Nakala hiyo ndani ya cPanel unaipata kwenye `Backup`, halafu `Download a Full Account Backup`. Inabeba tovuti, orodha ya bidhaa na barua pepe zote. Ishushe kwenye kompyuta yako au flashi angalau mara moja kwa mwezi. Kwa duka lisilo na domeni yake, nakala hiyo ni sawa na lori lisilo na namba: mzigo upo, ila halina njia ya kupita.

Mama yeye aliamua kuwa na hostingi yake. Kijana akafungua akaunti mpya kwa jina la mama, akarejesha nakala, akabadilisha mstari wa `A` na `MX`. Halafu mama akampa kijana nafasi ya kufanya kazi bila kumpa paswadi yake. Kampuni nyingi zina mahali pa kuongeza mtumiaji wa pili, na kwenye WordPress unamtengenezea jina lake chini ya `Users`. Kazi ikiisha unalifuta lile jina, sio kubadilisha paswadi ya kila kitu.

Sasa nifike kwenye sehemu inayotuhusu sisi moja kwa moja. Tovuti ya mama inapokea malipo kwa till. Mteja akilipa, pesa inaingia kwenye till, na mfumo wetu unatuma taarifa kwenye anwani fulani ndani ya tovuti yake: nani amelipa, namba gani, kiasi gani. Tovuti ikiipokea inaandika oda "imelipwa". Siku zile domeni ilipokuwa imezimika, wateja watatu waliokuwa na ukurasa wazi kwenye simu zao waliendelea kulipa kwa namba ya till waliyokuwa nayo. Pesa iliingia yote, kwa sababu till haitegemei tovuti. Lakini taarifa hazikufika, na tovuti iliporudi oda zao zilikuwa bado "hazijalipwa". Mama alikaa na taarifa ya miamala ya till mkononi, akalinganisha mstari kwa mstari, akawapigia wateja mmoja mmoja. Mmoja alikuwa Tororo, tayari anasema "mumekula pesa yangu".

Hiyo ilikuwa bahati nzuri. Fikiria jina lingefika mwisho na mtu mwingine akalinunua. Mwenye jina jipya anaweza kuweka tovuti yake pale pale na kupata cheti cha kufuli ile ya kivinjari kwa dakika chache, kwa sababu kweli jina ni lake sasa. Taarifa zetu zingeendelea kwenda kwenye anwani ile ile, zikiwa na majina na namba za wateja wako. Na angeweza kufungua barua pepe yenye jina la duka, akaandikia ile kampuni ya Mombasa: "Tumebadilisha till, tafadhali lipa hapa." Anwani ni ile ile wanayoijua, kwa hivyo hawana sababu ya kushuku.

Kwa hivyo ukigundua umepoteza domeni, usisubiri ipatikane. Tupigie siku hiyo hiyo, utuambie tusimamishe taarifa kwenda kwenye anwani ile. Hatuwezi kukurudishia jina, hilo liko nje ya mikono yetu, lakini hili tunaweza. Wakati huo huo waandikie wateja wako wakubwa kwa simu au WhatsApp kwamba barua pepe ya duka haitumiki. Na angalia ni barua pepe gani uliyoandikisha kwetu kama ya msimamizi wa till. Kama ni ile ya domeni, au ya fundi, ibadilishe.

Wengi walioko kwenye hali ya mama wanajua wanapaswa kumwuliza fundi, ila wanaona haya. Itaonekana kama unamshuku, na huyu ni kijana wa jirani, mlisali pamoja Jumapili. Mama aliniambia angependa angekuwa na maneno ya kuanzia. Tuliyaandika pamoja, na unaweza kuyatuma kama yalivyo:

"Habari kijana wangu. Napanga karatasi zote za biashara ziwe mahali pamoja. Nimefungua akaunti kwa msajili kwa jina la duka. Naomba unisukumie domeni huko wiki hii, na unitumie nakala nzima ya tovuti. Wewe utaendelea kuishughulikia, nitakupa nafasi yako ya kuingia. Kama kuna gharama ya hiyo kazi niambie."

Mstari wa mwisho usiuondoe. Kuhamisha ni kazi, inakula muda wake, na fundi aliyelipwa anamaliza. Kama ana deni lake halali kwako, limalize kwanza. Jina la tovuti lisigeuke kuwa rehani kati yenu. Na kama ndiyo kwanza unaanza, weka sentensi moja kwenye makubaliano yenu kabla ya kulipa arubuni: "Domeni na hostingi vitafunguliwa na kulipiwa na mwenye biashara, kwa barua pepe yake, na fundi atapewa nafasi ya kuingia kwa muda wa kazi." Fundi mzoefu hatabisha. Wengine watafurahi, maana kuamka usiku kwa sababu ya domeni za watu 14 si raha.

Mama sasa amelipia jina kwa miaka 3 mbele, kutoka till yake mwenyewe, na risiti ina jina la duka. Ukumbusho wa kwanza utakapokuja, utaingia kwenye simu iliyoko pale kaunta, kando ya daftari la madeni. Kijana bado ndiye fundi wake, akiwa Kampala. Aliniambia kwa simu kwamba ameanza kuwahamishia na wale wengine domeni zao, na kazi inayomchelewesha si ya kompyuta: wengi wao kwanza wanahitaji kufungua barua pepe yao wenyewe.